Faranga Elfu Moja za Dada

Siku waliyokuja kunichumbia nilikimbilia jikoni, nikajifunika kanga usoni kama desturi inavyotaka. Ndani ya kanga nilikuwa nacheka. Mama akadhani nalia, akanipiga begani taratibu, akaniambia nisiogope, kila mwanamke amepita njia hiyo. Mimi wala sikuwa nikimfikiria huyo mume. Nilikuwa nimeshaanza kumwona dada yangu akishuka melini bandarini Wete na mzigo wake kichwani, anakuja harusini kwangu.

Dada mwenyewe nilikuwa sijapata kumwona. Baba yangu si mzaliwa wa Pemba. Kwao ni Usumbura, nchi ya Urundi, ng'ambo ya ziwa la Tanganyika, katika mtaa wa Waswahili. Alikuja huku kuchuma karafuu, akasema ni msimu mmoja tu, kisha akakutana na mama hapa Mgogoni na msimu ukawa miaka ishirini. Nyuma aliacha mama yake mzazi na mtoto wa kike wa miaka minne ambaye mama yake alikuwa keshafariki. Mtoto huyo ndiye dada yangu. Tulijuana kwa barua. Mimi nilisoma mpaka darasa la tano, yeye alifundishwa kusoma na kuandika na jirani yao, basi tangu nina miaka kumi na moja barua za kwetu na kwao zilikuwa kazi yetu sisi wawili. Baba alikuwa akisema, mie naandika, halafu chini naongeza yangu. Nilikuwa najua rangi ya mlango wao. Nilijua bibi analalia ubavu gani.

Basi nikamwandikia. Nikamwambia harusi ni Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, na bila yeye siolewi. Hilo la pili niliandika bila kumwuliza baba.

Jibu lilichukua wiki tatu na siku mbili, maana nilihesabu. Dada alisema atakuja. Barua ilikuwa na michirizi kama mtu aliyeandika huku anaruka. Lakini alikuwa ameketi pia akapiga hesabu, na hesabu ilikuwa hii: bibi hawezi kuachwa bila chakula na kuni za miezi miwili, na kuna nauli ya meli ya ziwani mpaka Kigoma, yote hayo faranga mia tano. Halafu gari la moshi kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam, na meli ya Unguja, na meli ya Pemba, na chochote cha kula njiani. Hayo nayo ni mia tano. "Nikipata faranga elfu moja nafika," aliandika. "Zikipungua, bibi yako ataniuliza namwacha na nani."

Baba alipokwisha kusomewa alikwenda kwenye kijaluba chake, akatoa fedha za karafuu. Msimu ulikuwa mzuri mwaka ule. Baba na mama walichuma, mimi nilichuma mpaka vidole vikawa vyeusi. Tukatoa za mambo ya harusi, tukatoa za chakula, zikabaki shilingi mia na ishirini. Zaidi ya hizo hapakuwa na kitu ndani ya nyumba ile ila kuku.

"Hizi ni faranga ngapi?" baba akaniuliza.

Hapo ndipo homa yangu ilipoanza. Miaka yote baba alikuwa akituma shilingi kumi na tano au ishirini kila mwisho wa Ramadhani, anakwenda posta Wete, anatoa, anapewa risiti, anarudi. Hakupata hata siku moja kuuliza kule zinafika ngapi. Aliona ni aibu kuuliza, kama mtu anayetoa sadaka halafu anaipima. Mimi nikamwambia safari hii tuulize. Akasema, haya, kaulize wewe, wewe ndiye mwenye dada.

Nikatembea mpaka Wete. Karani wa posta alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, aliyezoea watu wanaokuja na barua za kusomewa. Nikamwuliza, nikituma shilingi mia na ishirini Usumbura, dada yangu atashika nini mkononi. Akafungua kitabu, akafuata mstari kwa kidole. Hawala ya posta ya nchi za nje, alisema, kwa kiasi hicho ada yake ni shilingi nne. Na kila shilingi wao wanaibadilisha kwa faranga sita na senti themanini. Akanigawia kijikaratasi na kalamu ya risasi. Mia na ishirini toa nne, mia na kumi na sita. Mara sita na themanini. Nikapata faranga mia saba themanini na nane na kitu.

Nilihisi kama mtu kanimwagia maji. Karani akaona uso wangu, akasema, "Mwanangu, bei hii si yangu."

Nilitoka nikasimama kivulini mwa ukuta. Kisha nikakumbuka lile duka la nguo karibu na soko, la Mhindi mmoja mtu mzima ambaye watu walikuwa wakisema ndugu yake ana duka kubwa kulekule Usumbura. Nikaingia. Alikuwa anakunja vitambaa vya madapulini. Nikamsalimu, nikamweleza shida yangu, na yeye akaniuliza mambo mawili tu: ngapi, na kwa nani. Halafu akasema utaratibu wake ni rahisi. Mimi nimpe shilingi hapa, yeye amwandikie ndugu yake, na ndugu yake amwite dada dukani ampe faranga. Hakuna ada. Kila shilingi faranga nane.

Sikuhitaji karatasi. Mia na ishirini mara nane ni mia tisa na sitini. Arubaini tu zimepungua! Nikamwuliza kwa nini yeye anatoa nane na serikali inatoa sita. Akanitazama kama anayefikiri kama ninastahili jibu. Akasema serikali inafuata bei iliyoandikwa kwenye kitabu, lakini tangu Kongo ipate uhuru wake, mambo ya fedha kule yametibuka, wenye maduka wanaitafuta shilingi kuliko faranga. "Ndugu yangu anataka shilingi zake zikae huku," akasema. "Wewe unataka faranga zako ziwe kule. Tunasaidiana."

Nikampenda tangu siku ile. Lakini nikamwambia nitafikiri, maana zilipungua arubaini, na nilikuwa nimeanza kuionja ladha ya kupanda kutoka mia saba kwenda mia tisa. Nilitaka kujua iko wapi ngazi ya tatu.

Ngazi ya tatu ilikuwa Kigoma. Baba ana ndugu yake pale, mtoto wa ami yake, anafanya kazi ya kupakia mizigo gatini. Sisi tunamwita ami. Nikamwandikia upesi, na jibu lake likaja na lugha ya mtu anayemlipa mwandishi kwa neno. Alisema: Kigoma wako wabadilishaji, wanakaa nje ya kituo cha gari la moshi. Shilingi moja inanunua faranga tisa na nusu. Tena yuko mmoja karibu na gati, huyo anatoa kumi na mbili. Mkinitumia shilingi kwa posta nitabadilisha na kumpa baharia wa meli, mtu wangu, amfikishie mtoto.

Kumi na mbili!

Nilichukua kipande cha mkaa nikaandika ukutani jikoni. Kutuma shilingi Kigoma si nchi ya nje kama Usumbura, shilingi ni ileile, karani alikuwa keshaniambia ada ni moja na nusu. Kwa hiyo mia na kumi na nane na nusu. Mara tisa na nusu ni elfu moja mia moja na ishirini na tano na kitu. Mara kumi na mbili ni elfu moja mia nne na ishirini na mbili. Niliipigia mstari ile ya mwisho, mara mbili. Mama akaja na ungo wake, akatazama ukuta.

"Ndio nini hii?"

Nikamwambia ndio dada huyo, na juu yake ana faranga mia nne za ziada. Mama akasema yeye anaona masizi tu, na harusi i karibu, na ukuta nitaupaka chokaa mwenyewe.

Baba alipenda ile ya tisa na nusu. Alisema ami anawajua wale watu wa kituoni, amewaona miaka. Mie nikamshika. Nikamwambia, baba, tofauti ni faranga mia tatu, bibi anaweza kununuliwa blanketi, dada anaweza kuja na kitenge cha Kongo, akaniletea na mie. Nilisema mengi. Nilikuwa nimeshakiona hicho kitenge, kina ndege wa bluu. Baba si mtu wa kushindana na watoto wake wa kike. Akasema, "Haya bwana, wewe ndiye uliyesoma."

Ijumaa nikaenda posta, nikalipa, nikapewa hawala, nikaitia ndani ya barua ya rejista kwenda kwa ami. Katika barua niliandika kwa herufi kubwa: CHUKUA YA KUMI NA MBILI. Nikarudi nyumbani nikiimba njia nzima. Watu wa shamba walikuwa wananiuliza kama ndio harusi leo.

Jumatatu nilikwenda tena Wete. Mama alinipa shilingi tatu za mayai, ninunue kitambaa cha kumshonea dada gauni la kuvaa siku ya hina, maana tulijua urefu wake kwa barua, alikuwa amejipima kwa kamba na kuituma kamba. Nikaingia kwenye lile duka la nguo. Nakiri kwamba maduka ya nguo Wete yalikuwa zaidi ya moja. Nilichagua lile kwa sababu nilitaka kujisifu.

Mzee akaniuliza kama nimefikiri. Nikamwambia nimekwisha tuma, nimetuma Kigoma. Akauliza bei, nikamwambia wako wa tisa na nusu.

"Tisa na nusu sawa," akasema. "Nimeshindwa. Mimi nina mdomo wa kula na ndugu yangu ana mdomo wa kula." Na akaendelea kupima kitambaa.

Ningenyamaza pale. Lakini moyo wangu haukutulia, nikamwambia sisi hatukuchukua hiyo, tumechukua ya kumi na mbili.

Akaiweka ile yadi yake ya mbao juu ya meza. "Kumi na mbili? Nani anatoa kumi na mbili?" Nikamwambia mtu mmoja karibu na gati. Hakucheka, na kutocheka kwake ndiko kulikonitisha. Alivuta mtoto wa meza, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha akatoa noti mbili akaziweka mbele yangu. Zilikuwa noti za Kongo, sura moja, rangi moja, chakavu zote mbili.

"Tazama vizuri," akasema. "Ipi nzuri?"

Nikatazama. Moja ilikuwa imepigwa chapa ya maandishi juu yake, herufi nyeusi za nchi ya Ruanda na Urundi. Nyingine haina. Nikamwonyesha ile isiyochafuliwa, nikasema hii. Akatikisa kichwa.

Akanieleza polepole. Zamani faranga ilikuwa moja, ya Kongo na ya Usumbura. Sasa wametengana. Kule Usumbura zile noti za zamani zilirudishwa zikapigwa chapa, na yenye chapa ndiyo inayopokewa dukani. Isiyo na chapa ni ya Kongo peke yake, na Usumbura ukiitoa sokoni mwenye mchele anakurudishia. Ndugu yake alimtumia zile mbili ili asije akadanganywa na mtu. "Huyo wa gatini," akasema, "anaondosha zisizo na chapa. Hata kumi na tano angekupa."

Sikumbuki kama nilimuaga. Nilikumbuka tu dada amesimama dukani mkononi ana elfu moja na mia nne za makaratasi, na mwenye duka anamrudishia, na bibi nyumbani anangoja kuni. Nikakimbia. Kanga ya kichwani ilianguka mbele ya watu nikaiokota nikakimbia tena, mwari mzima, na bila shaka habari ile ilifika kwa wakwe kabla sijafika posta.

Karani akadhani kuna msiba. Nikamwuliza barua ya Ijumaa iko wapi sasa. Akasema haijafika hata Dar es Salaam pengine, meli na gari la moshi, wiki nzima mpaka siku kumi. Na simu je? Simu ya maandishi, akasema, inafika leo au kesho, lakini kila neno linalipiwa, na jina na anwani pia ni maneno. Nikamwaga shilingi tatu za mayai juu ya meza yake. Akahesabu, akahesabu na maneno ya anwani, akaniambia kwa hizi nimebakiwa na maneno matatu.

Maneno matatu! Ningetaka mia tatu. Nilikaa pale kwenye benchi natafuna kalamu ya watu, na mwishowe nikaandika: USIBADILISHE NGOJA BARUA. Karani akayasoma, akasema sasa hayo ni mazungumzo ya watu wazima. Akayapiga mbele yangu, tiki tiki tiki, na mie nilikuwa nataka kuishika ile waya nilisukume neno kwa mkono.

Nyumbani nilieleza yote. Nilidhani baba atakasirika, na pengine ingekuwa nafuu. Alisema tu alhamdulillahi kwamba Mungu alinipeleka dukani. Sikumwambia kwamba nilikwenda kujisifu. Tukakubaliana niandike barua nyingine kesho, ami achukue ya tisa na nusu, zenye chapa, amalize. Elfu moja mia moja na ishirini na tano, bado inapita ile elfu moja ya dada. Roho yangu ikarudi mahali pake. Nikaanza tena kupanga.

Asubuhi nilikuwa naandika barua hiyo huku mama anakuna nazi. Mama hajapata kutoka Pemba. Unguja kwenyewe amefika mara moja, kwa jino. Akaacha kukuna, mbuzi wa nazi katikati ya magoti, akauliza:

"Hilo gari la moshi la Kigoma, wanapokea faranga?"

Nikamwambia, mama, Kigoma ni Tanganyika, kule ni shilingi.

"Na meli ya Unguja?"

Shilingi.

"Na hii ya kwetu?"

"Shilingi, mama."

"Basi mbona mie sifahamu," akasema. "Mnazitoa shilingi hapa mkazigeuze faranga, zivuke ziwa kwenda huko, halafu mtoto avuke nazo kurudi Kigoma akazigeuze shilingi tena? Kwani huyo mbadilishaji ni mkwe wenu?"

Baba alikuwa anakunywa kahawa mlangoni. Akageuka akamtazama mama, akanitazama mimi. Sote wawili tulikuwa hatujaliona. Miaka ishirini fedha za kwao zilikuwa faranga, na dada alituandikia faranga, na mimi niliona kazi yangu ni kuzipata faranga nyingi tu, nyingi kadiri niwezavyo.

Nikaenda ukutani na mkaa. Mama safari hii hakusema kitu. Ndani ya barua ya ami mlikuwa na neno moja ambalo nililisoma nikalipita: ukitaka kununua shilingi kwa faranga, watu wa kituoni wanataka kumi na nusu. Nililiona halinihusu. Sasa nikaandika. Ami angebadilisha zote kwa tisa na nusu, dada angepata elfu moja mia moja na ishirini na tano. Anatoa mia tano za bibi na meli ya ziwani. Zinabaki mia sita ishirini na tano. Anafika Kigoma, ananunua shilingi kwa kumi na nusu. Anapata hamsini na tisa na nusu. Na nauli? Baba alikuwa anazijua nauli, alikwisha ziuliza: gari la moshi na meli zote mbili, daraja la chini kabisa, jumla shilingi sitini na tano.

Angekwama. Na elfu moja na zaidi mkononi, dada yangu angekwama njiani, na sisi tungekaa huku tunasema mbona tulimtumia zaidi ya alizotaka. Yeye mwenyewe alipiga hesabu kwa ile bei ya zamani ya kitabuni, shilingi kwa faranga saba, na kwa bei ile elfu moja yake ilikuwa sawa. Faranga ilipoanguka ikawa rahisi kwetu kuinunua, lakini kwa mtu anayetaka kununua shilingi nayo ikawa si kitu.

Nikaifuta yote kwa kitambaa, nikaanza upya. Mia na kumi na nane na nusu. Toa sitini na tano, zikae kwa ami, zisiguswe, zimngoje dada Kigoma. Zinabaki hamsini na tatu na nusu. Mara tisa na nusu.

Nilipata mia tano na nane.

Mia tano za bibi na meli ya ziwani, na nane juu! Nikapiga kelele mpaka kuku wakaruka. Baba akainuka akaja kusoma ukuta, na yeye hajui kusoma. Mama akarudi kwenye nazi yake, lakini nilimwona anatabasamu kwa upande.

"Na cha kula njiani?" akauliza.

Cha kula njiani hakikuwamo. Baba akasema ami hatamwacha mtoto aondoke na njaa, na bibi atamkaangia kitu. Ukweli ni kwamba hatukuwa na shilingi nyingine ya kutuma, hata ada ya kuituma hatukuwa nayo. Nikaandika barua: sitini na tano ziweke, zilizobaki badilisha kwa watu wa kituoni, kila noti itazame chapa yake kabla hujaipokea, zitume kwa baharia. Kwa dada nikaandika ya peke yake, nikamweleza kwamba atapata mia tano tu, asishtuke, nusu nyingine inamsubiri upande wa pili wa ziwa ikiwa shilingi tupu.

Siku zilizofuata nilikuwa sina faida kwa mtu. Nikitumwa maji narudi na ndoo tupu. Barua ya ami ilipokuja niliifungua hapohapo kaunta ya posta, karani ananyoosha shingo. Simu ilimfikia kabla ya barua. Alikuwa hata hajui asibadilishe nini, akangoja. Alipopata barua ya pili bei ilikuwa imeshuka, tisa na robo, kwa hiyo zilitoka faranga mia nne tisini na nne na kitu, na zilizopungua kufika mia tano alizitia mwenyewe. Noti zote zina chapa. Sitini na tano kaziweka kwenye kopo la chai.

Halafu wiki mbili kimya. Halafu simu, kutoka Kigoma, maneno mawili: AMEPANDA LEO.

Siku ya meli tulikwenda Wete wote watatu tangu alfajiri, na meli yenyewe ilifika jua limekwisha panda. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri ya kumwambia. Watu wakaanza kushuka. Baba alisimama mbele, kofia mkononi, na kila mwanamke kijana aliyepita, baba alimtazama usoni kama anamwomba radhi. Alimwacha mtoto wa miaka minne, nadhani alikuwa bado anamtafuta huyo. Akamsalimu mama mmoja wa Chake Chake aliyekuja na majirani zake, yule mama akamjibu na kupita.

Mimi nilimjua. Alikuwa na urefu wa ile kamba. Alishuka pole pole, sanduku la bati kichwani, akasimama nyuma ya baba, akamgusa bega.

"Baba," akasema, "ni mimi. Nina njaa."

Baba akageuka. Dada akaniona, akanikumbatia na sanduku lake, akaanza kueleza na kucheka kwa wakati mmoja: maandazi ya bibi yaliisha Tabora, muhogo wa ami ukaisha Morogoro, Dar es Salaam alilipa meli, Unguja akalipa meli, na alipokwisha lipa hiyo ya kutoka Unguja mkononi zilibaki senti kumi, akanunua maji ya ndimu. Alisema nauli zilitosha sawasawa, hata mwenye kukata tiketi alimwuliza nani kamhesabia.

Mama alikuwa keshaondoka. Akarudi kutoka kwa wauzaji wa bandarini na samaki wa kukaanga na mkate wa mofa kwenye jani la mgomba, akamketisha dada juu ya sanduku lake, akasimama mbele yake kumkinga jua. Dada akala. Sisi watatu tulisimama tukimtazama anavyokula, na kila alipomaliza kipande mama alimpa kingine.